Lugha mbili ambazo frateri huziacha njiani



Somo letu la leo linaanzia kitandani pa mgonjwa. Frateri mmoja mwenyeji wa wilaya ya Momba alipangiwa mwaka wa kichungaji katika mkoa wetu wa Songwe, si mbali na kwao. Siku moja yeye na katekista walikwenda kumpelekea Komunyo bibi mmoja katika kigango kilicho nje ya mji wa Tunduma. Bibi yule alifurahi sana kusikia kwamba frateri ni Mnyamwanga kama yeye. Alianza kumsimulia kwa Kinyamwanga jinsi maumivu yanavyomjia usiku, jinsi anavyomkumbuka mwanawe aliyekufa, na jambo ambalo kwa miaka mingi halijampa amani.

Frateri alielewa karibu kila neno, lakini alipotaka kumjibu, kinywa hakikumtii. Alitafuta neno la kumwambia kwamba amemsikia, kwamba jambo lile linaweza kupelekwa kwa padre, na kwamba Mungu hajamwacha, asilipate. Mwishowe alimjibu kwa Kiswahili. Bibi alimtazama, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akamgeukia katekista. Kuanzia hapo aliyezungumza na bibi ni katekista, na frateri akabaki msikilizaji.

Njiani walipokuwa wakirudi, frateri alisema jambo ambalo wengi wetu tunalijua lakini hatulisemi: “Sikuwahi kuamua kuiacha lugha yetu. Niliondoka tu nyumbani nikiwa na miaka kumi na minne.”

Alipoanza teolojia mwaka uliofuata, lilimpata jambo la pili linalofanana na hilo. Alifungua maandishi ya Kilatini aliyoyasoma bila shida alipokuwa mwaka wa kwanza wa falsafa, akaona maneno anayoyafahamu, lakini sentensi nzima haikumwambia kitu. Lugha moja aliiacha nyumbani na nyingine darasani, na zote mbili zilikuwa zimeanza kumponyoka. Somo hili linahusu namna lugha inavyomponyoka mtu na namna ya kuizuia kwa dakika chache za kila siku, katikati ya kazi za parokia na masomo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Kanuni ya 249 ya Sheria za Kanisa inazitaja lugha hizi mbili kwa pamoja. Inataka waseminari wafundishwe kwa uangalifu lugha ya kwao, wajue vizuri Kilatini, na wawe na ujuzi unaofaa wa lugha za kigeni zinazohitajika kwa malezi yao au kwa huduma ya kichungaji. Mara nyingi tunakumbuka sehemu ya Kilatini na kuisahau ile ya kwanza.

Kwetu Tanzania, lugha ya kwanza ya sala za pamoja ni Kiswahili, na tunamshukuru Mungu kwa lugha inayotuunganisha. Lakini katika vijiji vya Songwe wapo wazee ambao Kiswahili chao ni cha sokoni na cha ofisi ya kijiji. Dhambi zao, huzuni zao na hofu yao ya kufa wanazo kwa Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kimalila au Kilambya. Kanisa linajua hilo, ndiyo maana kanuni ya 990 inamruhusu mwenye kutubu kuungama kwa njia ya mkalimani, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, hebu tumfikirie bibi anayepaswa kusema dhambi ya ujana wake akitafsiriwa na jirani. Padre mwenye kuijua lugha yake anamwondolea mzigo huo.

Namna lugha inavyopotea

Wengi tunadhani lugha husahaulika polepole na kwa usawa, kama maji yanayovuja kwenye mtungi. Sivyo ilivyo. Mwaka 1984 profesa wa saikolojia wa Marekani, Harry Bahrick, alichapisha utafiti juu ya watu 733 waliosoma Kihispania darasani. Baadhi yao walikuwa bado wanasoma, na wengine walikuwa wameacha masomo miaka mingi, hata miaka 50. Wengi wa walioacha hawakuitumia tena lugha ile. Aliona kwamba sehemu kubwa ya upotevu hutokea katika miaka 3 hadi 6 ya kwanza baada ya kuacha kozi. Baada ya hapo, kilichobaki kilikaa karibu vilevile kwa miaka 25 au zaidi. Aliona pia kwamba aliyejifunza kwa kina mwanzoni ndiye aliyebaki na mengi.

Kwa mseminari hesabu hii inasema jambo la wazi. Anayemaliza masomo ya Kilatini katika mwaka wa kwanza wa falsafa anaingia mara moja katika ile miaka ya hatari. Miaka ya falsafa iliyobaki, mwaka wa kichungaji na mwanzo wa teolojia vinaangukia humo. Akisema “nitakirudia nikipata nafasi baada ya upadrisho”, atakuwa anarudia kilichobaki baada ya hasara kubwa kwisha kutokea. Afadhali dakika kumi za sasa kuliko saa nyingi za wakati ule.

Lugha ya nyumbani ina njia yake. Aliyeondoka akiwa mtoto mdogo na asiisikie tena anaweza kuipoteza karibu yote. Aliyeondoka akiwa na miaka kumi na mitatu au zaidi kwa kawaida haipotezi hivyo, kwa sababu mizizi imekwisha kushika. Kinachodhoofika kwake ni kulipata neno kwa wakati. Analitambua akilisikia, lakini analikosa anapolihitaji. Hivyo kusema hutangulia kupotea na kuelewa hufuata baadaye sana. Hapa ndipo tunapojidanganya. Kwa kuwa tunaelewa bibi anaposema, tunadhani lugha bado tunayo, hadi siku tunapotakiwa kujibu.

Ipo pia hasara ambayo si ya kusahau. Kijana aliyeondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na minne aliondoka na lugha ya mtoto. Alijua maneno ya kuchunga, kuchota maji, kucheza na kutumwa dukani. Hakuwahi kukaa na wazee msibani, hakusikia maneno ya kupatanisha ndugu waliogombana shamba, hakujua namna mtu mzima anavyoeleza maumivu kwa staha. Frateri wetu alipokosa la kumjibu bibi, maneno mengine alikuwa ameyasahau, na mengine hakuwahi kuwa nayo. Mambo haya mawili yana dawa tofauti, na tutayatenganisha.

Dalili za kujipima

Kwa lugha ya nyumbani zipo dalili tatu, na kwa kawaida huja kwa mfuatano. Ya kwanza ni kujibu kwa Kiswahili unaposemeshwa kwa lugha yenu, bila hata kujitambua. Ya pili ni kuchukua mzizi wa Kiswahili na kuuvika viambishi vya lugha yenu. Kwa kuwa lugha zetu ni ndugu na Kiswahili, neno kama hilo linasikika vizuri na hakuna anayekusahihisha, na hapo ndipo neno la asili linapokufa kimya kimya. Ya tatu ni kukwepa: unafupisha mazungumzo, unatabasamu, unaitikia tu, kwa sababu unaona aibu ya kukwama mbele ya watu.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua simu, ujirekodi kwa dakika mbili ukisimulia siku yako ilivyokwenda, kwa lugha ya kwenu peke yake. Kisha sikiliza na uhesabu maneno ya Kiswahili yaliyoingia. Usihesabu majina ya watu na ya mahali, wala vitu vilivyokuja na majina yake kama simu, gari au parokia. Frateri wetu alipojipima mara ya kwanza alipata maneno 19. Tena alikaa kimya mara kadhaa akitafuta, na ukimya huo nao ni sehemu ya kipimo.

Kwa Kilatini dalili ni nyingine. Kinachotangulia kutoka ni miisho ya maneno, wakati mizizi inabaki. Mizizi inabaki kwa sababu tunaisikia kila siku katika maneno ya Kanisa, lakini miisho haina wa kuitunza. Jipime kwa sentensi hii tuliyoitunga wenyewe:

Sacerdotem vocat aegrotus.

Aliyepoteza miisho ataisoma kwa mpangilio wa Kiswahili: padre, anaita, mgonjwa. Atasema, “Padre anamwita mgonjwa.” Lakini sentensi inasema kinyume: mgonjwa anamwita padre. Mwisho -em katika sacerdotem unaonyesha kwamba padre ndiye anayeitwa, na -us katika aegrotus unaonyesha kwamba mgonjwa ndiye anayeita. Katika Kiswahili, nani anamtenda nani tunakutambua hasa kwa mpangilio wa maneno, na katika Kilatini kwa miisho. Kwa hiyo anayesoma Kilatini kwa kukisia mizizi anaweza kufuata ukurasa mzima akiwa na furaha, na akaelewa kinyume cha kilichoandikwa. Ikiwa sentensi hiyo imekuponza, usivunjike moyo. Umejua tu mahali pa kuanzia.

Kukilinda Kilatini kwa dakika kumi

Wengi wanaotaka kukirudia Kilatini hurudi kwenye kitabu cha sarufi, ukurasa wa kwanza. Baada ya wiki moja wanachoka, kwa sababu jambo hilo linahitaji nafasi na nguvu ambazo mtu wa parokiani hana. Parokia kama ya Tunduma, yenye wasafiri, wafanyabiashara na foleni za malori mpakani, haina saa tupu. Kinachodumu ni kile kinachoingia ndani ya jambo ambalo tayari unalifanya kila siku.

Kwa mseminari na padre, jambo hilo ni Sala ya Kanisa. Tunashauri sala moja tu, nayo ni Kompleta, sala ya kabla ya kulala. Tuna sababu tatu. Kwanza, ni fupi. Pili, mara nyingi husaliwa mtu akiwa peke yake, hivyo hutaivuruga jumuiya inayosali kwa Kiswahili. Tatu, zaburi zake hurudi kila wiki, na wimbo wa mzee Simeoni unarudi kila usiku. Unakutana na maneno yale yale mara nyingi bila kupanga, na maana yake unaijua tayari kwa Kiswahili, hivyo huhitaji kamusi.

Asiyeweza kuanza na wiki nzima aanze na Kompleta ya Dominika. Maelekezo ya Sala ya Kanisa, katika namba ya 88, yanaruhusu zaburi za Dominika zitumike siku nyingine, hasa kwa faida ya wanaopenda kusali Kompleta kwa moyo. Hivyo unaweza kukaa na Zaburi ya 91 kwa mwezi mzima hadi izoeleke, ndipo uongeze nyingine.

Hapa pana kikwazo kidogo kilichowakatisha tamaa baadhi ya wenzetu. Kitabu cha Kilatini cha Sala ya Kanisa hufuata hesabu ya zaburi ya Vulgata, na hesabu ya Kiebrania huwekwa katika mabano. Zaburi tunayoiita ya 91 utaikuta imeandikwa 90 (91). Ukitaka kulinganisha na Biblia yako ya Kiswahili, fuata namba iliyo katika mabano. Aliyefuata namba ya kwanza alijikuta analinganisha zaburi mbili tofauti, akadhani Kilatini chake kimekufa kabisa.

Kosa kubwa zaidi huja baadaye. Baada ya wiki chache ulimi huzoea, sala inapita kama wimbo, na akili haigusi tena maneno. Hapo unatunza sauti, lakini lugha yenyewe hutunzi. Dawa yake ni neno moja kila usiku, lisizidi. Ukishamaliza kusali, chagua neno moja na ujiulize: neno hili lina kazi gani katika sentensi yake? Katika wimbo wa Simeoni, kwa mfano, lipo neno servum. Mwisho wake -um unakuambia kwamba mtumishi hapo si mtenda, bali ni yule anayetendewa. Usiku mwingine chukua oculi, na utaona kwamba macho ni mengi na ndiyo yanayotenda. Usiku mwingine chukua Domine, mwisho wa kumwita mtu, kama tunavyosema “Ee Bwana”. Swali hilo halichukui dakika moja, na kwa mwezi linakupitisha tena karibu katika miisho yote ya kawaida.

Jambo la mwisho ni kuandika. Kusoma peke yake kunalinda kuelewa tu. Tunashauri sentensi tatu fupi kila Jumamosi, juu ya mambo ya wiki, kwa maneno unayoyajua. Frateri wetu aliandika hivi katika wiki moja ya masika:

Multi ad missam venerunt. Pluit, via lutosa est. Aegrotum visitavi.

Yaani: wengi walikuja kwenye misa; mvua inanyesha, njia ina matope; nilimtembelea mgonjwa. Ni sentensi za mtoto. Lakini tazama aegrotum katika sentensi ya tatu. Mgonjwa aliyekuwa -us alipokuwa anaita, sasa ni -um kwa kuwa anatembelewa. Aliyeandika hivyo kwa mkono wake hataangushwa tena na sentensi yetu ya kipimo.

Kuilinda lugha ya nyumbani kwa dakika tano

Lugha ya nyumbani inahitaji njia nyingine, kwa sababu haina kitabu cha kila siku wala kipindi darasani. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka, Tunduma na Nakonde, lakini hakuna upande ambao lugha yao ndiyo ya shule. Huku shule ya msingi ni ya Kiswahili. Upande wa Zambia, Kinyamwanga hakimo katika lugha saba za kienyeji zilizowekwa rasmi kwa elimu, na huko Kibemba ndicho kinachoshika nafasi. Kwa hiyo tukingoja shule itutunzie, tutangoja bure. Lugha hii inakaa katika watu, na kwa aliye mbali watu hao wako kwenye simu.

Njia ni simu ya dakika tano, kila siku au angalau siku nne kwa wiki, pamoja na mtu mmoja aliyekubali. Tunasisitiza neno “aliyekubali”. Mara nyingi ndugu zetu wenyewe ndio wanaohamia Kiswahili, tena kwa nia njema. Mama anaona mwanawe anakwama, anamhurumia, anamalizia sentensi kwa Kiswahili. Baba anaona kwamba sasa anazungumza na frateri, mtu wa Kanisa, anaona heshima kutumia Kiswahili safi. Basi kila simu inakuwa ya Kiswahili, na kijana anadhani anawasiliana na nyumbani kumbe lugha haiguswi.

Frateri wetu alimwomba mama yake mambo mawili. La kwanza, “Mama, ukinipigia au nikikupigia, usibadilishe lugha hata nikikwama. Ningoje.” La pili, “Nikikosa neno nitalisema kwa Kiswahili, nawe uniambie la kwetu, kisha tuendelee.” Wiki mbili za kwanza mama alisahau mara nyingi, na mwana alimkumbusha bila kuchoka. Baadaye mama alianza kufurahia, akawa anamcheka na kumsahihisha kama alivyofanya alipokuwa mdogo.

Dakika tano zinatosha ikiwa kila siku wewe ndiye unayesimulia. Kusikiliza tu habari za nyumbani kunalinda kuelewa, na hilo hukuwa umelipoteza. Simulia jambo moja la siku hiyo: mvua, safari ya kigangoni, pikipiki iliyokwama matopeni. Neno ulilolikosa andika kwenye kidaftari kidogo, kisha kesho yake tafuta namna ya kulitumia katika simulizi jipya. Usiandike maneno zaidi ya matatu kwa siku. Anayeandika ishirini hasomi hata moja.

Mahali ambapo mtandao ni mgumu au mama ana simu ya kitochi, piga mara chache zaidi lakini usikatize mazoea. Siku isiyo na simu, hesabu sahani unapoziosha kwa lugha ya kwenu, taja vifaa vya shambani unavyovishika, au sema moyoni nia zako za sala ya jioni kwa lugha hiyo. Haya hayachukui nafasi ya mtu, ila yanazuia siku kupita tupu.

Baada ya miezi mitatu frateri wetu alijirekodi tena dakika mbili. Maneno ya Kiswahili yalikuwa 7, na ukimya ulikuwa umepungua sana. Hakuwa amejifunza lugha upya. Maneno mengi yalikuwemo ndani yake, yakingoja kuitwa mara chache ili yawe yanapatikana haraka.

Maneno ambayo hukuwahi kuwa nayo

Sasa turudi kwa ile hasara ya pili. Simu ya kila siku na mama inarudisha lugha ya mtoto, lakini haimpi mtu lugha ya mchungaji. Lazima tuliseme hili wazi, kwa sababu ndio mpaka wa njia hii: mguso mdogo wa kila siku unatunza kilichopo, hauleti ambacho hakijawahi kuwepo. Maneno ya ugonjwa, msiba, toba na upatanisho yanatafutwa kwa makusudi.

Frateri wetu alikwenda kwa katekista yule yule aliyemsaidia kwa bibi. Katika likizo walikaa mara nne, saa moja moja. Hawakufuata kitabu. Katekista alimwuliza, “Unapoingia kwa mgonjwa, unataka kusema nini?” Waliandika mambo kama kumi: kumwuliza panapouma, kutofautisha maumivu yanayochoma, yanayovuta na yanayopwita, kumwuliza kama angependa kumwona padre, kumwambia kwamba siri yake itatunzwa, kumpa pole ya kufiwa kama mtu mzima anavyompa mkubwa wake. Kila sentensi katekista aliisema polepole, frateri akairekodi kwenye simu kwa sauti ya katekista. Tangu siku hiyo aliisikiliza mojawapo kila asubuhi akijiandaa.

Alipoanza kuzitumia, katekista alimsahihisha jambo moja ambalo kitabu kisingemwambia. Sentensi zake zilikuwa sahihi, lakini alizisema kwa namna ambayo kijana huzungumza na vijana wenzake. Kwa wazee inafaa kuanza na salamu ndefu na kuuliza habari za nyumba kabla ya kugusa ugonjwa. Ndiyo maana tunashauri mzee au katekista awepo hata pale ambapo yapo maandishi.

Na maandishi yapo. Traugott Bachmann, mmisionari Mmoravian aliyefika Mbozi mwishoni mwa karne ya 19, alitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Katika miaka yetu shirika la SIL, lenye ofisi Mbeya, limefanya kazi ya kutafsiri Maandiko kwa lugha za ukanda huu, zikiwemo Kinyiha, Kimalila na Kindali. Maandishi hayo yanafaa kujisomea na kutafutia maneno. Kwa liturujia tunafuata vitabu vilivyoidhinishwa na Maaskofu wetu, kila mara.

Neno kwa wazazi wa mjini

Wapo wasomaji wanaoishi Tunduma, Vwawa au Mlowo, ambao watoto wao hawasemi lugha ya babu zao. Wengine baba ni Mnyiha na mama ni Mndali, hivyo Kiswahili ndicho kinachokutanisha nyumba. Si kosa, na hatuwatwishi mzigo. Tunasema tu kwamba mtoto wa miaka mitano au sita hatunzi lugha kwa kuisikia mara moja kwa mwaka wakati wa likizo. Umri wake ni ule ambao lugha huondoka karibu yote.

Njia nyepesi ni kumpa mtu mmoja lugha moja. Bibi akija kukaa, azungumze na watoto kwa lugha yake tu, wala asiwatafsirie kila kitu. Baba mwenye dakika za chakula cha jioni azitumie kwa lugha yake. Mtoto atajibu kwa Kiswahili kwa muda mrefu, na hilo lisiwatishe. Mwache ajibu atakavyo, bali mtu mzima asihame lugha yake. Mtoto huyo huenda ndiye atakayekuwa frateri aliyeketi pembeni ya kitanda cha mgonjwa.

Turudi kwa bibi wa Tunduma

Kabla ya mwaka wake wa kichungaji kwisha, frateri alirudi tena kwa bibi yule pamoja na paroko. Alimwamkia kwa salamu ndefu, akamwuliza panapouma, akamwambia kwamba padre yuko hapa ikiwa lipo jambo angependa kulisema. Sentensi ya pili aliikosea, bibi akacheka, akamsahihisha. Kisha bibi akamwomba atoke nje, kwa sababu alitaka kuzungumza na padre. Paroko yule, mgeni wa mkoa huu, alijua Kinyamwanga cha kusikia, alichokikusanya kwa miaka ya kukaa na wazee vibarazani, na maungamo hayakuhitaji mkalimani.

Maswali ya kujadiliana

1. Jirekodi dakika mbili kwa lugha ya kwenu. Ni maneno gani ya Kiswahili yaliyoingia, na kati yake yapi uliwahi kuyajua kwa lugha ya kwenu?

2. Ni nani mmoja unayeweza kumwomba asibadilishe lugha mnapozungumza kwenye simu?

3. Kwa waseminari: chukua neno moja la Kompleta ya leo usiku. Mwisho wake unasema nini juu ya kazi yake katika sentensi?

4. Kwa jumuiya ndogo ndogo: katika eneo letu, ni wagonjwa na wazee gani wanaosali na kuungama vizuri zaidi kwa lugha yao? Je, paroko anawajua?